Deni la mwalimu wa Turwa

Mtakwimu bima anayepima uhai wa mfuko wa pensheni huanza na majina ya wanachama. Fedha zinakuja baadaye. Kwa kila mtumishi anataka cheki namba, jinsia, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kuajiriwa na mshahara. Anapanga orodha, kisha anawinda makosa: mtu mmoja aliyeandikwa mara mbili, mwingine aliyeajiriwa akiwa na miaka minane, mamia waliozaliwa tarehe moja. Kazi hii inachosha na haina sifa, lakini anaifanya bila haraka, kwa kuwa umri ukikosewa kwa miaka mitano, pensheni ya miaka mitano imezuka au imepotea.

Tuseme katika orodha ya PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma ulioanza Agosti 2018 baada ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF kuunganishwa, yumo mwalimu wa kata ya Turwa, Tarime. Aliajiriwa Julai 1994, akastaafu mwishoni mwa Juni 2023. Hiyo ni miezi 348. Wastani wa mshahara wake katika miaka mitatu bora ni shilingi 1,000,000 kwa mwezi, yaani 12,000,000 kwa mwaka. Kikokotoo cha Julai 2022, kilichotumika alipostaafu, kiligawa miezi yake kwa 580, na jibu likizidishwa kwa mshahara wa mwaka linakuwa 7,200,000. Asilimia 33 ya hizo, mara 12.5, ndiyo iliyokuwa mkupuo: 29,700,000. Asilimia 67 iliyobaki inampa 402,000 kila mwezi mpaka anapofariki.

Hapo ndipo ufundi wenyewe unapoanza. Mwalimu ataishi hadi lini? Mtakwimu hatabiri kifo cha mtu mmoja. Anafungua jedwali la vifo na kuuliza, kati ya wastaafu wengi wa umri huo, wangapi watakuwa hai baada ya mwaka mmoja, miwili, ishirini. Malipo ya mwaka wa kumi ni 4,824,000. Akikadiria kuwa uwekezaji utazaa asilimia 6 kwa mwaka, fedha zinazotosha kuyalipa zikitengwa leo ni kama 2,694,000. Ikiwa nafasi ya mwalimu kuwa hai wakati huo ni 80 kwa 100, anaandika kama 2,155,000. Kisha anahamia mwaka wa kumi na moja. Anafanya hivyo kwa kila mwaka na kila mwanachama, hata kijana aliyeajiriwa jana ambaye mshahara wake bado haujapanda. Jumla ndiyo deni la mfuko kwa wanachama wake.

Upande wa pili anaweka mali: hati fungani, majengo, hisa na fedha za benki, kwa bei inayoweza kupatikana kweli. Mali ikiwa pungufu kuliko deni, tofauti ni nakisi. Hatosheki na jibu moja. Anashusha riba kutoka 6 hadi 5, anawaongezea wastaafu miaka ya kuishi, anatazama nakisi ikitanuka. Ripoti isiyoonyesha majaribio hayo sina imani nayo.

Nakisi kubwa ya PSPF ilikuwa na chanzo kinachojulikana. Kabla ya Julai 1999 watumishi wa serikali hawakuchangia. Pensheni yao ilikuwa jukumu la Hazina. Mfuko ukaanza kuwalipa hata kwa miaka hiyo, bila serikali kurejesha fedha zote. Katika miezi 348 ya mwalimu wetu, 60 ni ya namna hiyo. Desemba 2021 serikali ilitoa hati fungani maalumu isiyo taslimu ya takriban shilingi trilioni 2.17 kupunguza deni lake kwa mfuko. Hati hiyo inaongeza mali kwenye mizania, ila haiingizi fedha taslimu siku hiyohiyo.

Kwa mwanachama, nakisi haina maana kwamba pensheni ya mwezi ujao imekatika. Michango ya asilimia 20 ya mshahara, 5 kutoka kwa mtumishi na 15 kwa mwajiri, inaendelea kuingia na wastaafu wanalipwa. Dalili mbaya ni malipo kuzidi michango, mfuko kuanza kuuza mali, na mikupuo kuchelewa. Mwishowe lazima mtu azibe pengo: serikali, wachangiaji, au mstaafu mwenyewe kupitia kikokotoo. Kwa kanuni ya zamani ya PSPF, yenye 1/540, nusu kwa mkupuo na kizidishio cha 15.5, mwalimu huyu, tukichukua mshahara uleule, angeondoka na mkupuo wa karibu 59,930,000, na 322,000 kwa mwezi. Kanuni ya Julai 2022 ilimwongezea kama 80,000 kila mwezi na kumpunguzia zaidi ya milioni 30 za siku ya kuondoka.

Basi wewe uliye kazini, kagua mapema tarehe zako na michango yako katika mfuko, na uwaulize viongozi wa chama chako cha wafanyakazi tathmini ya mwisho ilifanyika lini na ilitumia riba gani.