Uhakiki wa Kanuni Mbili za Kukadiria Kushiba kwa Transfoma za Mkondo: Mfano wa Laini ya kV 33 Kuelekea Ushetu

Katika maandishi mengi ya uhandisi wa kinga, swali la iwapo transfoma ya mkondo itashiba wakati wa hitilafu kubwa hujibiwa kwa kanuni mojawapo kati ya mbili. Ya kwanza husoma alama ya 5P20 kana kwamba transfoma hushiba mkondo ukizidi mara 20 ya kiwango chake. Ya pili hudai kwamba volteji ya kikomo ya transfoma izidi volteji ya hitilafu iliyozidishwa kwa (1 + X/R). Sehemu hii inadai kwamba ya kwanza inasomwa vibaya, na ya pili, ingawa ni sahihi kihesabu, hujibu swali ambalo rilei ya mkondo mkubwa haiulizi.

Tuchukue laini inayotoka upande wa Kahama kwenda vijiji vya Ushetu, eneo la tumbaku na uchimbaji mdogo wa dhahabu. Tarakimu zifuatazo ni za mfano wa hesabu, si vipimo vya kituo fulani. Kwa kuwa mzigo wa laini ni mdogo, transfoma huchaguliwa ya 100/1, 5P20, VA 5, yenye ukinzani wa ndani wa omu 0.5. Alama hiyo inamaanisha kwamba kosa la jumla halizidi asilimia 5 kwenye mara 20 ya mkondo, mzigo wa omu 5 ukiwa umeunganishwa wote. Volteji ya kikomo basi ni 20 × (0.5 + 5), yaani V 110. Lakini rilei ya kisasa ya kidijitali pamoja na nyaya za mita 40 za mm² 2.5, kwenda na kurudi, hazifiki omu 0.7. Jumla na ukinzani wa ndani ni omu 1.16, na transfoma hiyo hiyo inastahimili takriban mara 95 ya mkondo usio na sehemu mnyoofu. Anayesoma 20 kama mpaka anakosea karibu mara tano.

Hitilafu ikitokea mwisho wa laini, kilomita 60 hivi, ukinzani wa waya hupunguza mkondo hadi takriban A 600, na uwiano X/R hushuka karibu na 1.6. Hapo transfoma haihitaji zaidi ya V 18. Tatizo lipo kwenye nguzo za kwanza. Hitilafu ya kA 4 karibu na basi ni mara 40, nayo huhitaji V 46. X/R ikiwa 15, kanuni ya pili hudai V 742. Transfoma kubwa kiasi hicho kwa uwiano wa 100/1 ni ghali na haiingii kwa urahisi kwenye kabati.

Je, rilei inahitaji hivyo? Nikikokotoa mkondo wenye sehemu mnyoofu kamili, kiini hushiba baada ya takriban ms 9. Dirisha la mzunguko mmoja la rilei bado huona mkondo wa msingi wa kama mara 25. Kiwango cha papo hapo kikiwa mara 8, rilei hutoa amri bila shaka. Kwa rilei ya tofauti inayolinda transfoma ya nguvu, hukumu hii haifai kabisa: hapo upande mmoja ukishiba, hitilafu ya nje huonekana kuwa ya ndani.

Ninachokiona kikipuuzwa ni usumaku baki. Radi ni nyingi katika ukanda huu, na laini hurudishwa yenyewe baada ya kukatwa. Tukidhani asilimia 60 ya usumaku imebaki kwenye kiini kisicho na pengo, na hitilafu ya pili ikisukuma upande uleule, zinabaki V 44 tu, chini ya V 46 zinazohitajika hata bila sehemu mnyoofu. Kushiba huja karibu na ms 6, na makadirio ya rilei katika mzunguko wa kwanza hushuka hadi kama mara 11. Mhandisi aliyepandisha kiwango hadi 12, ili laini isikatike kwa mkondo wa kuwashia transfoma za vijijini, atakuta rilei ikisita hadi transfoma ijirekebishe, huku kinga ya juu yake ikihesabu muda. Ikitangulia kukata hiyo ya juu, basi zima hukosa umeme, na kwenye machimbo ya chini ya ardhi pampu na feni husimama.

Makadirio haya yanachukulia kiini chenye kona kali. Kiini halisi hupinda polepole, na usumaku baki unaweza pia kuelekea upande wa pili na kusaidia. Hata hivyo, kiwango cha IEC 61869-2 kina daraja la PR, ambalo huweka usumaku baki usiozidi asilimia 10, na kwa laini zinazojirudisha ningependelea kununua daraja hilo kuliko kutafuta V 742. Kwa transfoma zilizokwisha kufungwa, kumbukumbu ya mawimbi ya rilei huonyesha dalili: wimbi huanza zuri, kisha hukatika ghafla upande mmoja kabla ya sifuri yake, na kipimo cha mzunguko wa kwanza baada ya kurudishwa huwa kidogo kuliko cha mkato wa kwanza.