Alama Nne za Pamba

"Eleza sababu mbili za Vita vya Maji Maji. (Alama 4)." Tarakimu iliyo kwenye mabano ni ahadi kati ya mtunzi na mtahiniwa: kila sababu ina alama mbili, moja ya kuitaja na moja ya kuonyesha jinsi ilivyowasukuma watu vitani. Anayeandika "kilimo cha pamba cha lazima" kisha akaweka nukta amepata nusu. Nusu ya pili iko katika sentensi inayofuata: tangu 1902 serikali ya Wajerumani iliwalazimisha watu wa kusini kulima pamba katika mashamba ya pamoja, chini ya majumbe na maakida, kwa ujira mdogo mno, na siku zilizokwenda huko zilipotea katika mashamba yao ya chakula. Sentensi hiyo moja inatosha. Aya nzima juu ya pamba haimwongezei mtahiniwa alama hata moja, tena inamla dakika za swali lijalo.

Kosa linalowaponza wengi ni kuihesabu sababu moja mara mbili. "Pamba ya lazima" na "kazi za kulazimishwa mashambani" zinaonekana mbili, lakini ni shina moja, na msahihishaji makini atazipa alama za sababu moja. Kodi iliyoanza kutozwa mwaka 1898 ni sababu ya pili halisi, kwa kuwa ilimbana hata asiyeshika jembe la pamba. Dawa ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe inataka uangalifu zaidi. Maji yake hayakuleta dhuluma. Yaliwaunganisha waliokwisha kudhulumiwa na kuwapa ujasiri wa kuzikabili bunduki. Mtahiniwa anayeiandika hivyo, bila kuichanganya na pamba, amevielewa vita.

Wapo wanaosema kwamba maswali haya huifanya historia orodha ya kukariri. Hoja hiyo ina uzito pale swali linapotaka kutaja tu. Lakini tazama hili: "Kwa nini vita vilianzia Umatumbi mnamo Julai 1905? (Alama 6)." Hapa orodha haisaidii. Lazima pamba ya Umatumbi ikutane na habari za maji kutoka Ngarambe, jirani yao, ndipo ieleweke kwa nini wazee wa Nandete waliing'oa pamba kama ishara ya vita. Wangoni, walioingia baadaye, wana jibu lao, lenye kumbukumbu ya kutiishwa na Wajerumani mwaka 1897. Kulinakili jibu la Wamatumbi na kuwabandikia Wangoni ni kosa la historia kabla halijawa kosa la mtihani.

Kwa hiyo lawama iwaendee watunzi wanaoweka alama 6 kando ya neno "taja". Ama wapunguze alama, ama waandike "eleza".