Maelezo ya kipindi cha podikasti: yapimwe kwa orodha ya dakika

Ukitaka kujua kama maelezo ya kipindi yameandikwa na mtu anayeijua kazi, usianze na aya ya juu. Shuka kwenye orodha ya dakika. Aya ya juu anaweza kuiandika hata aliyesoma kichwa cha kipindi tu, lakini orodha nzuri ya dakika haiandikiki bila kusikiliza.

Tuseme kipindi cha dakika 42 kinahusu kuku wa kienyeji wanaokufa kwa mdondo, na mgeni ni daktari wa mifugo. Orodha mbovu itasema: utangulizi, mgeni wetu, changamoto za ufugaji, suluhisho, hitimisho. Maneno hayo yangefaa hata kipindi cha nyuki. Hakuna mfugaji anayeandika “changamoto za ufugaji” kwenye Google huku kuku wake wanaanguka. Sasa tazama hii:

```
00:00 Kwa nini mdondo humaliza banda zima
06:40 Dalili: shingo kupinda, kinyesi cha kijani
13:05 Kuku akishaugua, chanjo haimsaidii
18:20 Chanjo ya tone la jicho, na lini irudiwe
29:50 Kuku mgeni: atengwe kabla ya kuchanganywa
```

Kila mstari unabeba jambo lililosemwa, na mitano inatosha. Ningeona mistari ishirini kwa muda huohuo, ningejua mwandishi ameandika kila swali la mtangazaji bila kuchagua. Kule YouTube, ili mistari hii igeuke kuwa sura za kubofya, wa kwanza lazima uwe 00:00, iwepo mitatu au zaidi kwa mfuatano, na kila sura idumu angalau sekunde 10. Orodha inayoanza 00:45 itabaki maandishi tu.

Kisha bofya dakika mojawapo, hasa ya katikati. Ndani ya sekunde chache unapaswa kusikia mada yenyewe ikianza. Ukiangukia katikati ya jibu, mwandishi alikadiria. Ukikuta mada imechelewa, na zote zinazofuata zimechelewa kwa kiasi kilekile, tatizo ni matangazo. Majukwaa mengine huingiza tangazo wakati msikilizaji anapopakua, kwa hiyo wa Nairobi anaweza kuongezewa sekunde 30 na wa Maskati asiongezewe kitu. Mwandishi aliyehesabu dakika kwenye faili ghafi hawezi kuwa sahihi kwa wote wawili. Anayejali huomba matangazo ya aina hiyo yawekwe mwishoni, au yarekodiwe ndani ya sauti yenyewe ili urefu usibadilike. Na toleo la YouTube, ambalo mara nyingi limehaririwa kivyake, hulihesabia upya.

Ndipo urudi juu. Isome sentensi ya kwanza peke yake, kwa sababu kwenye simu na kwenye matokeo ya Google mara nyingi huonekana mstari mmoja au miwili tu. “Karibu tena katika kipindi chetu cha kusisimua” imekula nafasi yote bila kumpa mtu kitu. Linganisha na hii: “Kuku wanaokufa ghafla, wengine wakipinda shingo, huenda wana mdondo, yaani kideri, ugonjwa usio na tiba, ila chanjo huuzuia.” Imetaja dalili kama mfugaji anavyoziona, imeweka majina yote mawili kwa sababu kila mtu hutafuta kwa jina alilolizoea, na tayari imejibu. Kwa wasomaji wa Kenya ningeongeza “Newcastle” katika sentensi ya pili, mara moja tu. Neno likirudiwa mara sita katika aya fupi, msomaji huhisi anasemeshwa na mashine, na ukurasa haupandi kwa hilo.

Hapa ndipo nisipokubaliana na watayarishaji wengi. Wanaficha jibu ili mtu alazimike kusikiliza: “daktari anafichua siri ya kuokoa kuku wako.” Aliyetoka Google na swali mkononi hafanyi hivyo, anarudi nyuma na kufungua ukurasa mwingine. Mpe jibu kwamba chanjo hudondoshwa jichoni tone moja, kwa kuku mzima wa afya, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu hivi. Kisha mwonyeshe kinachohitaji sauti: dakika ya 18:20, daktari anaeleza jinsi ya kumshika kuku na kusubiri tone lisambae jichoni kabla ya kumwachia, na namna ya kuitunza chupa ya chanjo njiani. Huyo atabofya, kwa kuwa ameona anayezungumza anajua.

Yaliyobaki hukaguliwa haraka. Kipindi kiwe na ukurasa wake wenyewe, kisirundikwe na vingine kwenye ukurasa mmoja mrefu, na kichwa chake kianze na mdondo wa kuku. Namba ya kipindi na jina la mgeni vije baadaye, isipokuwa mgeni ni mtu ambaye watu humtafuta kwa jina.