Mtutu Dirishani: Namna ya Kupima Tafsiri ya Mzaha wa Kirusi

Tafsiri za vichekesho vya Kirusi zinazosifiwa kuwa aminifu utazijua kwa mabano yake. Mfasiri anaandika mzaha, anafungua mabano, anaeleza kwamba neno fulani kwa Kirusi lina maana mbili, anayafunga, na mhakiki anampongeza kwa kutopotosha kitu. Pongezi hizo zinaudhi, kwa sababu kilichopotoshwa ni kitu chenyewe. Mzaha ni kauli iliyotengenezwa ili mtu acheke mahali fulani, na ukimfikisha mahali hapo bila kicheko umempa habari kuhusu mzaha, hujampa mzaha. Mchezo wa maneno unaweza kufa mpakani, hilo halina ubishi. Nitakalolibishia ni wazo kwamba ukishakufa hakuna tena kipimo cha kazi nzuri na mbaya. Kipimo kipo, na kinaanzia mahali ambapo wanafunzi wa kazi hii hawapaangalii kabisa, yaani kwenye ngeli.

Tuchukue vichekesho vya Shtirlits, maana ndivyo vinavyomtoa jasho mfasiri kuliko vyote. Shtirlits ni jasusi wa Kisovieti aliyejipenyeza katika SS ya Ujerumani, mhusika wa riwaya ya Yulian Semyonov. Mwaka 1973 Tatyana Lioznova aliifanya riwaya hiyo filamu ya televisheni yenye sehemu 12, Vyacheslav Tikhonov akiigiza Shtirlits na Yefim Kopelyan akisimulia nje ya picha kwa sauti nzito, ya polepole, isiyotabasamu. Vichekesho vilivyozaliwa hapo vinaiga sauti hiyo. Ni sentensi mbili au tatu fupi, kavu kama ripoti ya ofisini, na ya mwisho inaipindua ya kwanza. Mzaha mmoja maarufu, ukiufasiri neno kwa neno, unasema hivi: upepo ulikuwa ukivuma kutoka dirishani, Shtirlits akafunga dirisha, mtutu wa bunduki ukatoweka. Kwa Kiswahili haumchekeshi mtu, na msomaji anabaki kujiuliza huo mtutu umetoka wapi.

Umetoka kwenye neno moja, dulo. Kama kitenzi, dulo ni wakati uliopita wa kuvuma kwa upepo, katika umbo lisilotaja mtendaji. Kama nomino, dulo ni mtutu. Lakini utamu hauko katika maana mbili peke yake. Kirusi kinapoacha kumtaja mtendaji, kitenzi cha wakati uliopita huchukua jinsia ya tatu, ile isiyo ya kike wala ya kiume. Na nomino dulo nayo ni ya jinsia hiyohiyo. Kwa hiyo sentensi ya kwanza inaweza kusomwa kuwa kulikuwa na upepo, na hakuna kiambishi wala herufi inayomshtua msikilizaji. Sarufi imenyamaza mpaka sentensi ya tatu. Hapo ndipo anapotambua kwamba tangu mwanzo kulikuwa na bunduki iliyomwelekea Shtirlits, na Shtirlits aliifungia nje kwa utulivu wa mtu anayeogopa mafua. Kicheko kinatokana na kulazimika kurudi nyuma na kuisoma upya sentensi ya kwanza. Yapo basi mambo matatu ambayo tafsiri haina ruhusa ya kuyapoteza: hatari iwepo tangu mwanzo bila kuonekana, Shtirlits afanye jambo dogo la kila siku, na siri itoke mwishoni kabisa.

Sasa mfasiri anageukia Kiswahili kutafuta neno la maana mbili, na hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Kiswahili kina maneno hayo tele. Mbuzi ni mnyama na ni chombo cha kukunia nazi. Kanga ni ndege na ni vazi. Tembo ni mnyama na ni kinywaji cha mnazi. Mwanafunzi anafurahi, anaokota neno, anaandika mzaha, na mzaha unakufa katika silabi ya kwanza ya kitenzi. Ukisema mbuzi amepotea, umeshasema ni mnyama. Ukisema mbuzi imepotea, umeshasema ni kibao cha kukunia. Wangu na yangu, huyu na hii, wote ni wapelelezi wanaotoa siri kabla ya wakati. Upatanisho wa ngeli unaolinda maana katika maandishi ya kawaida ndio unaovujisha utata katika mzaha. Kirusi kina jinsia tatu za kuangalia. Kiswahili kina ngeli nyingi zaidi, na juu yake kina mazoea ya kuvipeleka viumbe hai katika upatanisho wa a- na wa- hata majina yao yawe ya ngeli nyingine. Kila neno la maana mbili ambalo upande mmoja ni kiumbe na upande wa pili ni kitu lina mlango ulio wazi.

Mjuzi anafunga mlango huo kwa njia tatu. Ya kwanza ni kuliweka neno mahali ambapo upatanisho haulifikii: baada ya na, baada ya kwa, au kama yambwa ya kitenzi kisichobeba kiambishi chake. Alikuja na mbuzi haijasema chochote bado. Ya pili ni kuchagua neno ambalo maana zake zote mbili zimo katika ngeli moja. Ya tatu, iliyo bora kwa Shtirlits, ni kuachana na nomino na kutumia nahau. Kiswahili hula na hupiga vitu visivyolika wala kupigika, na mazoea yametufanya tusiusikie tena ulaji huo. Mfano ni huu, wenye Shelenberg na Muller, wakubwa wa SS katika filamu hiyohiyo. Shtirlits na Shelenberg walikula njama usiku kucha. Asubuhi Muller akakuta sahani chafu. Huu haukufasiriwa kutoka mzaha wowote wa Kirusi, lakini unafanya kazi ileile inayofanywa na ule wa Shtirlits kufyatua risasi vslepuyu, neno linaloweza kusikika kuwa bila kuona au kuwa kumlenga mwanamke kipofu. Sentensi ya pili inasema kipofu akaanguka. Fasiri mzaha huo neno kwa neno, na mchezo wa maneno ukishatoka kinachobaki ni kipofu aliyepigwa risasi. Watetezi wa uaminifu wangetafakari hilo: wameacha ukatili wakatupa akili.

Turudi dirishani. Njia ya pili inatupa neno mzinga. Mzinga ni makazi ya nyuki na mzinga ni silaha, na pande zote mbili ni mzinga na mizinga, u- na i-. Sarufi inanyamaza kama ilivyonyamaza kwa dulo. Kwa hiyo: Nje ya dirisha palikuwa na mzinga. Shtirlits akafunga dirisha kwa kuogopa nyuki. Mzinga ukalia. Dirisha limebaki, kitendo cha kulifunga kimebaki, silaha imebaki nje tangu sentensi ya kwanza, na siri imetoka katika neno la mwisho. Neno hilo nalo limechaguliwa. Ukapigwa lingevuta mtaani maana ya tatu, kwani kupiga mzinga ni kuomba fedha, na mzaha wa maana tatu hauna hata moja. Ukafyatuka ni sahihi lakini ni refu. Kopelyan asingelisema kwa pumzi moja. Kilichopotea nacho kitajwe bila kificho: katika Kirusi Shtirlits anaokoka, na hapa hatuna hakika. Ni hasara ya kweli, ila ni ndogo kuliko ya kukosa kicheko.

Pingamizi linalostahili jibu ni hili: huo si mzaha wa Warusi tena, ni wa mfasiri, na msomaji alitaka kujua Warusi wanacheka nini. Jibu la kwanza limo katika mapokeo ya Warusi wenyewe. Nina Demurova alipofasiri kisa cha Alisi kwa Kirusi, tafsiri iliyotoka mwaka 1967, alikutana na mwalimu aliyeitwa kobe kwa sababu jina hilo la Kiingereza linasikika kama maneno ya kufundisha. Kirusi hakina mfanano huo. Tafsiri yake ikamwita mwalimu Sprutik, yaani pweza mdogo, kwa kuwa alitembea s prutikom, yaani na kifimbo. Jina limebadilika na sababu imebadilika, lakini mtoto wa Kirusi anacheka palepale mtoto wa Kiingereza alipocheka, na kifimbo kimeendelea kuwa cha mwalimu. Huo ndio umahiri: kubadilisha neno bila kuhama darasani.

Jibu la pili ni kwamba pingamizi hilo lina haki yake mahali fulani, na mfasiri mzuri anapajua. Warusi wa enzi ya Kisovieti walisema kwamba katika Pravda hamna izvestia na katika Izvestia hamna pravda. Pravda, yaani Ukweli, lilikuwa gazeti la Chama. Izvestia, yaani Habari, lilikuwa la serikali. Hapa majina ni ya vitu vilivyokuwepo, na shutuma ni ya watu wa Moscow juu ya magazeti yao. Kuweka Uhuru na Mzalendo badala yake ni kuhamisha shutuma kwa mtu asiyehusika. Maelezo yanaruhusiwa, mradi yatangulie: mwambie msomaji maana ya majina mapema, katika sentensi iliyopita na kwa shughuli nyingine, ili mzaha ukifika asihitaji msaada. Maelezo yanayokuja baada ya kicheko ni matanga.

Walaghai wa kazi hii ni wa aina mbili. Wa kwanza ni kama mkalimani wa Japani ambaye Jimmy Carter alisimulia habari zake mara nyingi: Carter alisema kichekesho, watu wakaangua kicheko, na baadaye ikajulikana mkalimani aliwaambia tu kwamba Rais amesema kichekesho na kila mtu acheke. Wa pili ni yule anayemwekea Shtirlits maneno ya kuchekesha, anaongeza "kwa mshangao wa wote", anamkunjisha uso Muller. Anadhani anasaidia. Sauti ya msimulizi ikishatabasamu, kazi imeharibika, na hilo kwangu halihitaji ushahidi. Wasikilizaji wa taarab ya zamani walilijua: mwimbaji alilitoa fumbo kwa uso mkavu, mlengwa akalipata, na hakuna aliyesimama kulifafanua. Sikio lile linapungua, na mabano yanachangia kulipunguza.

Ukikutana basi na tafsiri ya mzaha wa Kirusi, usianze kwa kuilinganisha na kamusi. Tazama neno la mwisho ni lipi. Kagua viambishi vya sentensi ya kwanza uone kama vimeshasema siri. Isome kwa sauti ya ripoti. Ikishindwa katika hayo, mfasiri alikuwa na hiari mbili bora: katika mkusanyiko wa vichekesho angeuacha huo na kuchukua mwingine, kwani Shtirlits anavyo vya kutosha, na katika riwaya angeuacha upite bila mzaha, kisha aweke wake sentensi chache mbele, pale Kiswahili kinapompa nafasi na mhusika yuleyule bado anazungumza. Kazi ya namna hiyo haionekani katika kulinganisha mstari kwa mstari, ndiyo maana haisifiwi. Lakini ndiyo inayostahili sifa ambazo leo zinapewa mabano.