Nobu ya Jiko na Robo ya Milimita

Nobu ya jiko la gesi ikipasuka, watu wengi huitupa na kuanza kuzungusha koki kwa koleo. Maharage yataiva hivyo hivyo, ila kila anayepika atabaki kukisia moto umefika wapi, na hata kama umezimwa kweli. Naipenda sana kazi ya kupima nobu kama hiyo na kuichora upya kwenye kompyuta, kwa sababu huwezi kuichora kabla hujaelewa kila upande wake uliwekwa kwa ajili gani.

Nobu ninayoizungumzia ilipasukia kwenye bushi, kile kibomba cha ndani kinachovaa shafti ya koki. Mkono unavutwa kupima ndani ya bushi, lakini bushi iliyopasuka imeshatanuka, na namba yake haifai tena. Wa kuulizwa ni shafti, maana ndiyo iliyobaki nzima. Ifute mafuta kwanza. Funga taya za kalipa, bonyeza sifuri, kisha pima sehemu mbili tatu. Taya zikikaa mshazari namba hupanda, kwa hiyo zichezeshe taratibu mpaka upate ndogo kuliko zote.

Shafti hii ina umbo la herufi D, mviringo uliochongwa bapa upande mmoja. Kalipa ilisoma 7.94 kwenye mviringo, na 6.46 kutoka kwenye bapa hadi mgongoni. Aliyeibuni hakukusudia 7.94. Alikusudia 8, na 6.5, na kiwanda kikapunguza unyoya ili nobu iingie. Kuiona nia hiyo nyuma ya namba ndiyo sehemu ya kazi hii ninayoiheshimu kuliko zote.

Kuna kipimo kingine ambacho nobu mbovu haikuambii. Majiko mengi hutaka nobu ibonyezwe ndani kabla ya kuzungushwa, ili mtoto akiigusa tu gesi isifunguke. Shafti hii huzama milimita 3. Ukingo wa nobu mpya ukikaa milimita 2 tu kutoka kwenye uso wa jiko, utagota kabla koki haijaachia, na jiko halitawaka. Nobu jirani, iliyo nzima, ilikuwa na mwanya wa milimita 4, nami nikaufuata.

Kwa kuchora natumia OpenSCAD, programu ya bure ambayo unaiandikia umbo kwa maneno na namba. Nachora bushi peke yake kwanza:

```
shafti = 8;
bapa = 6.5;
nafasi = 0.25;

difference() {
  cylinder(d=14, h=16, $fn=96);
  translate([0,0,4]) intersection() {
    cylinder(d=shafti+nafasi, h=20, $fn=96);
    translate([-10, -(shafti+nafasi)/2, 0])
      cube([20, bapa+nafasi, 20]);
  }
}
```

Ile `nafasi` ipo kwa sababu plastiki inayomwagwa na printa ya pande tatu hubana mashimo kidogo. Robo ya milimita ni pa kuanzia tu, maana kila printa ina tabia yake. Nayo `$fn=96` si pambo. Ukiiacha, programu huchora tundu la ukubwa huu kwa pande 13 tu, na katikati ya kila upande ukuta husogea ndani zaidi ya sehemu ya kumi ya milimita. Nobu itakataa kuingia, nawe utailaumu kalipa bure.

Bushi hiyo tupu huchapwa kwa muda mfupi na plastiki kidogo. Ivishe kwenye shafti. Ikiingia kwa kusukumwa na kidole gumba, na ikizungushwa isichezecheze, vipimo vimekubali. Ikilegea, punguza `nafasi` kwa 0.05 uchape tena. Mwili wa nobu, wenye matuta ya kushikia, unakuja baada ya hapo, nao hausumbui.

Chagua plastiki kwa kufikiria joto. PLA, iliyo rahisi kuchapa kuliko zote, huanza kulainika karibu na nyuzi 60 za Selsiasi, na sufuria pana hupeleka joto zaidi ya hilo mbele ya jiko. PETG huvumilia hadi karibu 80. Kwa nobu iliyo juu ya mlango wa oveni hata hiyo siiamini, natafuta ABS.

Kinachobaki ni alama ya mshale, na hapa sikubali kukisia. Angalia bapa la shafti limeelekea wapi koki ikiwa imefungwa kabisa, kisha uchore mshale kutokea hapo. Nobu iliyokosea robo mzunguko huingia vizuri, huzunguka vizuri, na huonyesha jiko limezimwa wakati gesi inatoka. Washa, zima, ngoja moto ufe, kisha uing'oe nobu na ulitazame bapa tena. Na kama koki yenyewe inanuka gesi, funga mtungi umwite fundi wa gesi, kwa maana nobu mpya haizibi koki inayovuja.