Jinsi Redio Inavyogandisha Nyimbo

Miaka ya 1970 mshauri wa redio wa Marekani, Lee Abrams, aliwanyang'anya watangazaji wa muziki wa roki uhuru wa kuchagua santuri. Kabla yake mtangazaji aliweza kupiga wimbo wowote wa albamu, hata ule wa mwisho upande wa pili. Abrams aliwauliza wasikilizaji wanapenda nini, kisha akavipa vituo vingi mfumo mmoja uitwao Superstars, wenye wanamuziki wachache na nyimbo zao chache. Mwaka 1985 Fred Jacobs, huko Michigan, alipiga hatua nyingine: kituo kipige roki ya zamani tu.

Kilichozikaza orodha hizo ni namna ya kupima. Watu hukusanywa ukumbini na kusikilizishwa mamia ya vipande, kila kimoja sekunde chache tu, nao huupa kila wimbo alama. Sasa, sekunde chache hazitoshi kuupenda wimbo mgeni. Zinatosha kuutambua wimbo wa zamani. Usiojulikana hupata alama ndogo, huondolewa, na mwaka unaofuata unajulikana na wachache zaidi. Ndiyo maana naamini kipimo hiki hupima kazi ya redio yenyewe, kisha huirudisha kama kauli ya wasikilizaji.

Kwetu, hata bila watu kukusanywa ukumbini, mzunguko ni uleule. Hadi miaka ya 1990, Radio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyokuwa redio ya Tanzania Bara, na ndiyo iliyorekodi bendi. Leo msikilizaji wa Miono akifungulia zilipendwa, anategemea kukutana na Mbaraka Mwinshehe, Marijani Rajab, NUTA Jazz au Mlimani Park. Wanastahili, sina ubishi. Lakini Dar es Salaam ya miaka hiyohiyo ilikuwa na vijana waliopiga roki na soul, na mwaka 1969 soul ilipigwa marufuku jijini. Sunburst, bendi iliyozaliwa humo, ilitoa albamu yake, Ave Africa, mwaka 1976 nchini Zambia. Ilipotolewa upya mwaka 2016, iliyoitoa ilikuwa kampuni ya London, Strut.

Mtayarishaji atasema watu ndio wanaoomba nyimbo zilezile. Ni kweli wanaziomba, na redio ya biashara haiwezi kuwapuuza. Ila mtu huomba kwa jina, na jina asilowahi kulisikia hawezi kuliomba. Wengine watasema muda umechuja, bora zimebaki. Mchujo ungekuwa wa haki kama nyimbo zote zingepata nafasi ya kusikika. Huu ulifanyika kabla masikio hayajafika.

Basi, watayarishaji wa zilipendwa, chagueni wimbo mmoja uliosahaulika, mtajeni mwimbaji na bendi yake, urudieni kila wiki kwa miezi miwili. Baada ya hapo ndipo muwaulize wasikilizaji.