Robo Mbili za Busia: Kueleza Upya Aya ya Jarida bila Kuiba

Anayesoma utafiti kwa Kiingereza na kuandika tasnifu kwa Kiswahili hukabiliwa na mtego ambao mwenzake wa Kiingereza haujui. Maneno ya makala na maneno yake hayafanani hata kidogo, kwa hiyo huamini kwamba ameshaeleza kwa maneno yake mwenyewe. Akikuta sentensi sita, anaandika sentensi sita. Hoja iliyotangulia kwenye makala inatangulia kwake, na mfano uliotolewa pale anautoa yeye. Hiyo ni tafsiri, na tafsiri isiyotajwa kuwa tafsiri ni wizi wa kitaaluma, hata kama aliyeandika hakukusudia kuiba chochote.

Nitaonyesha jinsi ya kuuepuka mtego huo kwa makala ambayo mtu yeyote anayeandika juu ya elimu mpakani, awe Alupe upande wa Kenya au Nagongera wilayani Tororo, atakutana nayo mapema au baadaye. Ni makala ya Edward Miguel na Michael Kremer kuhusu dawa za minyoo katika shule za msingi za Busia, iliyochapishwa mwaka 2004 katika jarida la Econometrica, kurasa 159 hadi 217. Kremer alikuja kupata Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 2019 pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, na tangu hapo ikisiri ya makala hii inanakiliwa zaidi kuliko inavyosomwa.

Ikisiri hiyo ni aya moja yenye sentensi sita, na kila sentensi imebeba mzigo. Ya kwanza inaeleza ukubwa wa tatizo duniani. Ya pili inakosoa namna tafiti nyingine zilivyofanywa. Ya tatu inaeleza muundo wa mradi wa Kenya. Ya nne na ya tano zinatoa matokeo, na ya sita inakiri jambo ambalo halikuonekana. Mwanafunzi aliye na haraka huanza hivi: “Tafiti ambamo tiba hutolewa kwa nasibu kwa mtu mmoja mmoja zinaweza kupunguza mara mbili makadirio ya faida za tiba.” Soma tena sentensi hiyo. Kiswahili chake hakina kosa la sarufi, lakini haielezi chochote. Mwandishi wake hajui faida inapunguzwa vipi, wala kwa nini mara mbili. Hapo ndipo wizi usiokusudiwa huanzia: mtu ambaye hajaelewa hana namna nyingine ila kufuata nyayo za mwenye makala, neno kwa neno.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuifungua sentensi hiyo ya pili mpaka uweze kumsimulia mtu asiye msomi. Chukua darasa moja la Funyula. Nusu ya watoto wanapewa dawa, nusu hawapewi. Wote wanachezea uwanja mmoja, wanatumia choo kimoja, wanaoga kwenye maji yale yale ya ziwa. Waliotibiwa wanaacha kumwaga mayai ya minyoo na ya kichocho, kwa hiyo na wale ambao hawakumeza kidonge wanaanza kuambukizwa kwa uchache. Mtafiti akija kulinganisha makundi mawili anaona tofauti ndogo, maana kundi la kulinganishia nalo limepata nafuu. Hilo ni kosa la kwanza: faida ya waliotibiwa inaonekana ndogo kuliko ilivyo. La pili ni kwamba nafuu ya wale wasiotibiwa haikuhesabiwa popote, ingawa ililetwa na dawa ile ile. Sasa “mara mbili” ina maana, na ukishaielewa huihitaji tena. Unaweza kusema jambo lile lile bila neno hilo.

Msimulie mwenzako hayo kwa lugha yoyote mnayoelewana, Kisamia, Kiteso, Kijopadhola au Kiswahili cha sokoni, makala ikiwa imefunikwa. Kisha andika mara moja ulichosimulia. Nashikilia sana suala la kufunika. Makala ikiwa wazi mbele yako, jicho linarudi kwenye mpangilio wake, na mkono unaufuata.

Baada ya kuandika, fungua tena makala na ukague ukweli, kwa sababu kueleza kwa maneno yako kuna hatari yake: unaweza kuondoka na hoja isiyokuwamo. Ikisiri hii ina mitego mitatu ya aina hiyo.

Wa kwanza ni robo. Aya ina robo mbili. Moja ni sehemu ya watu wote duniani walioambukizwa, ambayo waandishi wanasema inazidi robo. Nyingine ni kiasi ambacho utoro ulipungua katika shule zilizopata dawa. Nimeona kazi ambamo robo hizo zimegeuka moja, na robo ya watoto wa Busia ikawa wagonjwa. Kosa baya zaidi ni kuandika kwamba mahudhurio yaliongezeka kwa robo. Kwenye mwili wa makala, mahudhurio yalipanda kwa asilimia 7 hivi za watoto wote. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba katika kila watoto 100 siku fulani 28 hawapo. Wakirudi saba, wanabaki 21 wasiokuwapo. Utoro umeshuka kwa robo, lakini waliopo wamepanda kutoka 72 hadi 79, ongezeko lisilofika hata sehemu moja ya kumi. Maneno yote mawili ni ya kweli yakiwekwa mahali pake. Ukibadilisha kinachopimwa, namba ile ile inakuwa uongo.

Wa pili ni nasibu. Anayesoma ikisiri peke yake hupenda kuandika kwamba shule zilipigiwa kura. Hakuna kura iliyopigwa. Shule 75 zilipangwa kwanza kwa maeneo na kwa miradi mingine iliyokuwamo, kisha zikaorodheshwa kwa alfabeti, na kila shule ya tatu ikaingia kundi lake. Ndivyo yalivyopatikana makundi matatu ya shule 25, la kwanza likianza kupata dawa mwaka 1998, la pili mwaka 1999, na la tatu likisubiri hadi 2001. Ikiwa hukufika kwenye ukurasa unaoeleza hayo, andika tu kwamba shule ziliingizwa kwa zamu.

Wa tatu unawahusu hasa watu wa mpakani. Ikisiri inasema mradi wa Kenya. Busia ziko mbili, na msomaji wa Tororo akiona “Busia” bila nchi atafikiria ile ya kwao. Utafiti ulifanyika kusini mwa iliyokuwa Wilaya ya Busia ya Kenya, katika tarafa za Budalangi na Funyula.

Aya iliyokamilika inaweza kuwa hivi, kwa mwanafunzi ambaye tasnifu yake inahusu utoro wa shule:

“Miguel na Kremer (2004) walichunguza iwapo dawa za minyoo huwafanya watoto wahudhurie shule zaidi. Kwa kuwa mtoto anayetibiwa humpunguzia jirani yake hatari ya kuambukizwa, hawakuwagawa watoto wa shule moja; waliingiza shule nzima kwenye mradi kwa zamu, kusini mwa Busia, Kenya, na kulinganisha zilizoanza na zilizokuwa zikisubiri. Wanaripoti kwamba utoro katika shule zilizopata dawa ulipungua kwa robo, na kwamba hata watoto ambao hawakumeza dawa walinufaika. Hata hivyo, hawakupata ushahidi kwamba alama za mitihani zilipanda.”

Angalia kilichobadilika. Aya inaanza na swali la utoro kwa sababu ndilo swali la tasnifu. Takwimu ya dunia nzima imeachwa kwa kuwa haina kazi hapa. Ukosoaji wa tafiti nyingine umegeuzwa kuwa sababu ya muundo wa mradi. Hoja ya ikisiri kuhusu gharama haimo. Lakini sentensi ya mwisho ya waandishi, ile ya mitihani, imebaki, na nisingekubali iondolewe. Ukichukua matokeo yanayokupendeza na kuacha lile lisilokupendeza, hujamwibia mwandishi maneno, ila umemsemesha asichosema.

Majina kama kichocho, minyoo na shule ya msingi hayana mwenyewe. Usihangaike kuyatafutia visawe, maana utaishia kuita kichocho kitu ambacho daktari hakitambui. Msemo ambao waandishi waliubuni wenyewe uweke kwenye alama za kunukuu, uandike “tafsiri yangu”, na utaje ukurasa.

Jaribio la mwisho ni rahisi, na kwa anayetoka Kiingereza kwenda Kiswahili silijui lililo bora kuliko hili. Rudisha aya yako kwenye Kiingereza, sentensi kwa sentensi, kisha iweke kando ya ile ya asili. Sentensi ya mwanafunzi mwenye haraka itarudi ikiwa karibu ile ile ya Miguel na Kremer. Aya iliyo hapo juu itarudi ikiwa aya nyingine, yenye mpangilio mwingine. Usitegemee Turnitin ikufanyie kazi hiyo. Kazi yake ya msingi ni kutafuta maandishi yanayofanana, na aya ya Kiswahili iliyotafsiriwa inaweza kutoka na asilimia ndogo kabisa ya ufanano huku kila hoja ndani yake ni ya mtu mwingine. Msimamizi aliyesoma makala ataitambua kwa dakika moja.

Jina la mwandishi liingie kwenye sentensi ya kwanza ya aya, si kwenye mabano ya mwisho pekee. Mabano yakikaa mwisho, msomaji hajui kama yanabeba aya nzima au sentensi moja. Kwa makala hii kuna sababu ya ziada. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo cha Usafi na Tiba za Tropiki cha London walichapisha uchambuzi mpya wa data zile zile, wakaonyesha makosa ya hesabu, hasa kuhusu faida zilizodaiwa kufika kwenye shule zilizo mbali zaidi. Aliyeandika “Miguel na Kremer wanaripoti” bado amesema kweli. Aliyeandika kwamba faida zilifika shule za jirani, bila jina la mtu, ameubeba mzigo huo yeye.

Vitenzi navyo vinahitaji uangalifu huo huo, na Tororo inatoa mfano mzuri. Huko Nagongera, watafiti wa malaria walifuatilia kaya kabla na baada ya unyunyiziaji wa dawa ndani ya nyumba ulioanza Desemba 2014. Malaria ilishuka sana. Lakini hapakuwa na makundi ya kulinganishia kama ya Busia, na vyandarua vilikuwa vimegawanywa kwa wingi mwaka 2013. Kwa Busia, “dawa zilipunguza utoro” ni maelezo yanayolingana na dai la waandishi. Kwa Nagongera, andika kwamba unyunyiziaji ulifuatiwa na kushuka kwa malaria, na uvitaje vyandarua katika sentensi hiyo hiyo.